Asidi ya juisi ya ukwaju: maswali kutoka maabara

Assalaam aleikum mwalimu. Juisi mbili za ukwaju zimetupa pH 2.9 na 2.8, lakini moja imekula NaOH karibu mara mbili ya nyengine. Tumekosea wapi? (Tunguu)

Waaleikum salaam. Hamjakosea. pH inasoma zile ioni za haidrojeni ambazo tayari zimeachiliwa kwenye juisi. Asidi ya tatariki, iliyo nyingi kwenye ukwaju, ni dhaifu, na sehemu kubwa yake bado imezishikilia ioni zake. NaOH huzichukua zote mpaka asidi iishe, kwa hiyo titresheni hupima asidi yote. Asidi dhaifu ikiongezwa maradufu, pH hushuka kwa takriban 0.15 tu, na chumvi za potasiamu zilizomo kwenye ukwaju huizuia isifike hata hapo.

Juisi yetu ni kahawia, waridi ya fenolfthalini haionekani. Tufanyeje? (Wete)

Ichujeni, mchukue 10 ml kwa pipeti, kisha muongeze maji yaliyokenekwa mpaka ipauke. Maji hayabadilishi jibu, ila yachemsheni na kuyapoza kwanza, maana kaboni dioksidi iliyoyeyuka humo nayo itakula NaOH. Rangi ikikataa kabisa, tumieni pH mita iliyorekebishwa kwa bafa za 4 na 7, na msimame kwenye 8.2. Kwenye 7 ni mapema: juisi ya ndimu, kwa mfano, hapo bado ina asidi ya sitriki ambayo haijaisha. Kuanzia 6 hivi fungueni bureti tone kwa tone, kwani namba huruka ghafla na ukishapita huwezi kurudi nyuma.

Juisi ya ukwaju 10 ml imekula 18.4 ml za NaOH 0.1 N. Mimi nimepata 1.18%, mwenzangu 1.38%. Nani sahihi? (Chake Chake)

Mwenzako amekaribia. Hesabu ni hii:

```
% asidi = (ml NaOH × N × kizidisho × 100) ÷ ml sampuli
```

Wewe umetia 0.064, kizidisho cha sitriki, kinachofaa ndimu na machungwa. Cha tatariki ni 0.075.

Lakini hiyo 0.1 mmeitoa wapi? Kama ni kwa kupima vidonge vya NaOH kwenye mizani, msiiamini. Vidonge hivyo hunyonya unyevu na kaboni dioksidi ya hewani, na kwa hewa yetu ya pwani utaviona vinang'aa maji juu ya karatasi kabla hujamaliza kupima. Hakikisheni nguvu yake kwa haidrojeni fthaleti ya potasiamu iliyokaushwa. Tuseme gramu 0.4084 zimekula 20.4 ml. Gawa 0.4084 kwa 204.2, unapata moli 0.0020, sawa na milimoli 2.00. Gawa hizo kwa 20.4, na N halisi ni 0.098.

Sasa 18.4 × 0.098 × 0.075 × 100 ÷ 10 ni 1.35, yaani gramu 1.35 kwa kila 100 ml. Kwenye ripoti andikeni "kama asidi ya tatariki", la sivyo msomaji hatajua mmetumia kizidisho kipi.