"Kesho" haigeuki yenyewe

Swali: Kwenye usemi wa taarifa, ni lazima "-ta-" iwe "-nge-" na "kesho" iwe "siku iliyofuata"? Nimekariri jedwali lote lakini bado nakosa.

Jibu: Unakosa kwa sababu ya hilo jedwali. Kila muhula naliona limebandikwa ndani ya jalada la daftari, "leo" upande huu, "siku hiyo" upande ule, na kila muhula nasahihisha makosa yaleyale. Jedwali halikuulizi jambo la kwanza: nani anatoa taarifa, na lini?

Tuseme Jumatatu Asha alimwambia Juma: "Nitakurudishia kitabu chako kesho." Mtu wa pembeni akilisimulia wiki mbili baadaye atasema: Asha alimwambia Juma kwamba angemrudishia kitabu chake siku iliyofuata. Hapo jedwali limepatia. Sasa msimulizi awe Juma mwenyewe, jioni ya Jumatatu hiyohiyo: Asha ameniambia kwamba atanirudishia kitabu changu kesho. "-ta-" imebaki, "kesho" imebaki, kwa kuwa kesho ya Asha bado ni kesho ya Juma. Akisimulia Jumanne, kitabu hakijaonekana: Asha aliniambia kwamba angenirudishia kitabu changu leo. Maneno ya Asha ni yaleyale, na taarifa zote tatu ni sahihi.

Kwenye mtihani hupewi msimulizi wala siku, kwa hiyo jichukulie kuwa mtu wa pembeni anayesimulia baadaye. Ndiyo maana jibu linalotarajiwa huwa "angemrudishia... siku iliyofuata". Lakini usiivamie kila "-ta-" wala kila kitenzi. "Jua huchomoza mashariki" hubaki na "hu-" yake hata ukiisimulia mwakani. Na "ningekuja kama ningepona" tayari ina "-nge-". Badili nafsi tu: alisema kwamba angekuja kama angepona.

Kinachonikera zaidi ya nyakati ni nafsi, maana jedwali huishia kwenye "mimi huwa yeye" na kukuacha hapo. Rudi kwenye ile taarifa ya kwanza: "kitabu chake" ni cha nani? Kwenye usemi halisi "chako" ilimwelekea Juma bila shaka. Ikishageuka "chake" inaweza kuwa ya Asha, ya Juma, hata ya mtu wa tatu. Andika "kitabu cha Juma", au "kitabu chake yeye Juma". Hakuna mtahini atakayekukata alama kwa kurudia jina.

Kosa hili halibaki darasani. Nimesoma kumbukumbu za kikao zilizoandikwa: "Mwenyekiti alimweleza mhazini kwamba atalipa deni lake kesho." Deni la nani, alipe nani, na kesho ipi? Mwandishi aliondoa alama za kunukuu, akabadili nafsi, akaacha "kesho" vilevile. Tarehe ya malipo ilikuwa imetajwa kikaoni; kwenye karatasi haikuwepo tena.