Programu inarudi au inarudia?

*Katika kikundi chetu cha programu hapa Kisumu tunatatua fumbo la malkia wanane wa chesi, wasishambuliane. Mmoja husema programu "inarudia", mwingine "inarudi nyuma". Na kuondoa njia zisizofaa, ni kufyeka au kupogoa?*

Semeni inarudi. Kurudia, kwa masikio ya wengi, ni kufanya jambo lile lile tena, na programu hii hairudii jaribio lililokwisha kushindwa.

Ifuateni kwenye ubao. Kila mstari una malkia mmoja. Wa mstari wa 1 awe mraba wa 1, kisha kila anayefuata achukue mraba salama wa kwanza anaoupata: 3, 5, 2, 4. Mstari wa 6 mmekwama. Miraba 1 hadi 5 iko chini ya malkia waliokwisha kuwekwa. Wa 6 unashambuliwa kwa mshazari na malkia wa kwanza, wa 7 na wa pili, wa 8 na wa tatu.

Hapo programu inarudi mstari wa 5 na kumsogeza malkia wake mbele. Mraba salama uliobaki ni wa 8 tu. Inashuka tena mstari wa 6, inakwama tena. Mstari wa 5 umeishiwa, basi inarudi hadi wa 4, na malkia wa huko anatoka mraba wa 2 kwenda wa 7. Watatu wa juu hawajaguswa, ndiyo maana "kuanza upya" nako kungekuwa kosa.

Kuhusu swali la pili, kufyeka hakuchagui. Shamba zima hubaki jeupe. Anayepogoa mparachichi huondoa tawi na vitawi vyake vyote, mti ukabaki. Malkia wa kwanza akiwa mraba wa 1, mraba wa 2 wa mstari wa 2 unakataliwa papo hapo kwa sababu ya mshazari. Kukataa huko kumoja kunaondoa mipangilio 262,144, yaani 8 kwa kipeo cha 6, namna zote ambazo mistari sita ya chini ingeweza kujazwa. Hakuna hata mmoja uliohitaji kutazamwa.

Ila neno hilo lina sharti. Mkiwaweka malkia wote wanane kwanza ndipo mkague, hamjapogoa, mmechuja. Majibu yatakuwa yale yale 92, lakini mtakuwa mmepitia mipangilio 16,777,216. Anayepogoa hupata majibu yote kwa kuweka malkia mahali salama mara 2,056 tu. Wekeni kihesabio kwenye programu yenu, kiongezeke kila malkia anapowekwa. Kikisoma mamilioni, ukaguzi wenu umechelewa, hata kama mnauita kupogoa.