Mtoto wa siku tatu na maji ya sukari

"Mwanangu ana siku tatu, analia sana. Mama mkwe anasema maziwa hayajatoka na joto ni kali, nimpe maji ya sukari?"

Usimpe, dada. Hayo mazito ya njano, dang'a, ndiyo maziwa yenyewe. Ukimjaza maji atashiba na kulala bila kunyonya, na titi lisiponyonywa halitengenezi. Mama mkwe hajakosea yote, joto kweli lipo, ila maziwa yana maji zaidi ya asilimia 80. Mimi wa kwanza nilimpa chai ya mchaichai, akaharisha siku mbili.

Hesabu nepi: leo walau 3 zilizolowa, kuanzia siku ya tano 6. Zikipungua, au akilegea na kukataa titi, mpeleke kliniki leo leo.