Kopo Jekundu la Oili Kwenye Dashibodi: Soma Picha, Kisha Zima Injini

Picha za dashibodi mara nyingi hutumwa hivi hivi: taa moja inawaka, na hakuna neno hata moja chini yake. Swali lenyewe linajulikana. Mwenye gari anataka kujua aendelee na safari au asimame.

Kabla ya kuitazama taa, tazama mshale wa mizunguko ya injini. Ukiwa kwenye sifuri, injini haizunguki, na picha hiyo bado haijathibitisha ubovu wowote. Ukifungua swichi mpaka ON bila kupiga stata, gari huwasha taa zake kwa makusudi ili dereva ajue kwamba ni nzima, na taa za oili, betri na cheki injini hubaki zikiwaka mpaka injini iwake. Jambo hili lina faida kwa anayenunua gari lililotumika: ukifungua swichi na kopo la oili lisiwake kabisa, uliza kwa nini. Wapo wanaochomoa waya wa taa hiyo ili kuficha injini iliyochoka.

Sasa tuchukue picha moja. Ni gari dogo la Toyota lenye injini ya 1NZ-FE, ile ya Probox na IST. Mshale uko kwenye 700, yaani injini inaunguruma taratibu bila kukanyagwa, na chini yake linawaka kopo jekundu lenye tone mdomoni. Dereva akiulizwa anaongeza maelezo: taa ilianza kwa kumwekamweka kwenye kona na alipofunga breki, na sasa akikanyaga mafuta inazima.

Hayo maelezo yana thamani kuliko picha. Taa hii haipimi wingi wa oili, inapima presha yake. Swichi ndogo iliyofungwa kwenye bloku ya injini huwasha taa hiyo presha inaposhuka karibu na kuisha. Pampu ya oili inazungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo injini ikienda taratibu pampu nayo inasukuma kidogo, na ukikanyaga inasukuma zaidi. Kumwekamweka kwenye kona ni dalili kwamba oili imepungua sana: ile iliyobaki chini kwenye sampu inakimbilia upande mmoja, na bomba la kunyonyea linavuta hewa. Taa kuzima unapokanyaga si nafuu. Watu wengi hudhani ni nafuu, wakaendelea kukanyaga mpaka nyumbani, na ndipo injini inaponoki.

Kinachoharibika ni beringi za krankshafti na za konrodi. Hizo hazigusani na chuma wakati wa kazi, zinaelea juu ya utando mwembamba wa oili unaoshikiliwa na ile presha. Utando ukitoweka, chuma kinasaga chuma, na uharibifu unaweza kuanza ndani ya muda mfupi tu. Ndiyo maana kwa kopo jekundu hakuna "nifike tu pale mbele". Ondoka barabarani kwa mwendo ulionao, zima injini, weka pembetatu.

Ukishazima, subiri dakika 10 gari likiwa mahali tambarare ili oili irudi chini. Chomoa dipstiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, kisha ichomoe tena na usome. Kwa magari mengi madogo, tofauti kati ya alama ya chini na ya juu inakaribia lita 1. Kama dipstiki imetoka kavu, usiishie kumwaga nusu lita na kuondoka. Ongeza nusu lita, subiri kidogo, pima, rudia mpaka ifike kati ya alama hizo mbili. Usiizidishe alama ya juu, maana krankshafti itaipiga oili iwe povu, na povu halijengi presha. Injini hii hubeba takribani lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo ukiongeza lita 2 ndipo ikafika alama ya chini, ilikuwa inafanya kazi na akiba ndogo sana. Chungulia chini ya gari: sampu iliyogongwa na jiwe au nati ya kumwagia oili iliyolegea huacha dimbwi linaloonekana.

Washa injini bila kukanyaga. Taa inapaswa kuzima ndani ya sekunde chache. Isipozima, au ukisikia mgongano wa chuma, zima papo hapo na uite gari la kuvuta. Hali ni hiyo hiyo ikiwa dipstiki ilionyesha oili ya kutosha tangu mwanzo. Hapo ubovu unaweza kuwa pampu, chujio la kwenye sampu lililozibwa na uchafu wa oili ya zamani, au beringi zilizolika. Inawezekana pia ni swichi tu iliyokufa, na hiyo ni kitu cha bei ndogo, lakini huwezi kulijua hilo kwa kusikiliza. Fundi anafungua ile swichi, anafunga geji ya presha mahali pake na kusoma namba. Fundi anayesema "ni sensa tu, endesha" bila geji anabahatisha na injini yako.

Kuna magari yanayoonyesha kopo la njano lenye mawimbi chini yake. Hilo ndilo la wingi wa oili. Linakupa nafasi ya kusimama mahali pazuri, upime na kuongeza.

Taa nyekundu ya betri ikiwaka peke yake maana yake ni kwamba alteneta haichaji, na gari linakula umeme uliobaki. Mchana, redio na eisi zikiwa zimezimwa, unaweza kufika gereji ya karibu. Lakini fungua boneti kwanza. Kwenye injini nyingi mkanda unaozungusha alteneta ndio huo huo unaozungusha pampu ya maji. Ukiwa umekatika, taa ya joto itafuata baada ya muda mfupi, na kuendelea kuendesha kutaunguza gasketi ya hedi. Injini ikishachemka, usifungue kifuniko cha rejeta mpaka ipoe, si chini ya nusu saa, na usiimwagie maji ya baridi.

Cheki injini ya njano inayowaka bila kukonyeza inakuruhusu uende taratibu mpaka kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kodi za hitilafu. Ikikonyeza huku gari linatetemeka, silinda moja haichomi vizuri. Petroli isiyoungua inaingia kwenye eksozi na kuiunguza katalisti, kwa hiyo ondoa mguu kwenye mafuta na usimame. Kodi ya P0302, kwa mfano, inaelekeza silinda ya pili. Fundi akihamishia koili ya plagi yake kwenye silinda ya tatu, kisha kodi ikageuka kuwa P0303, koili ndiyo mbovu.

Taa nyekundu ya breki ikiwaka, shusha handibreki kwanza. Ikibaki, tazama fluidi kwenye kikopo chake. Pedi zikilika, fluidi hushuka polepole, lakini ikishuka ghafla kuna mahali panavuja. Pedali ikizama au ikiwa laini, usilisogeze gari hata mita moja. Taa ya ABS ya njano ikiwa peke yake, breki za kawaida zipo na utafika. Zikiwaka zote mbili pamoja, simama, maana magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga unapokanyaga breki kwa nguvu.