Asilimia 73 ya watu 11

Wewe uliyeanza juzi kuandika ripoti za tafiti, nikuonyeshe sentensi iliyoniponza mwaka wangu wa kwanza kazini. Niliandika hivi: "Asilimia 72.7 ya akina mama waliojifungulia nyumbani walikwamishwa na usafiri." Juu ya jedwali kulikuwa na maneno "waliohojiwa: 318", kwa hiyo kila aliyesoma alidhani ni asilimia 72.7 ya umati mkubwa. Kikaoni watu wakaanza kujadili bajaji za kubeba wajawazito, zinunuliwe ngapi, zikae wapi. Mzee mmoja wa kamati akauliza kwa upole, "Mwanangu, hao ni akina mama wangapi?" Nikafungua kompyuta. Walikuwa 8 kati ya 11.

Mtego wenyewe ulikuwa kwenye dodoso. Swali la sababu waliulizwa waliojifungulia nyumbani tu, wale 307 wengine walilirukishwa. Kwa hiyo asili ya sehemu yangu, ile namba ya chini tuliyofundishwa shule ya msingi, haikuwa 318 bali 11. Kila swali lenye "kama hapana, nenda swali la 14" hubadilisha asili, na kichwa cha jedwali hakikuambii. Hesabu waliojibu swali hilo, usihesabu waliojaza dodoso.

Sasa ione namba hiyo kwa karibu. Kwa watu 11, mtu mmoja ana uzito wa asilimia 9. Mama mmoja angejibu tofauti, ningeandika 64. Mmoja akiongezeka upande wa usafiri, 82. Ile .7 niliyoiweka kwa mbwembwe haikuwa na maana yoyote. Ukikokotoa wigo wa uhakika wa asilimia 95 kwa njia ya Wilson, ambayo hufaa vikundi vidogo kuliko ile ya kawaida ya vitabuni, 8 kati ya 11 inakupa kati ya asilimia 43 na 90. Yaani huenda ni chini ya nusu, huenda ni karibu wote. Linganisha na 150 kati ya 200, ambayo ni asilimia 75: wigo wake ni 69 hadi 80. Kwenye chati, nguzo mbili hizi zinakaribiana urefu kabisa, na ndiyo maana chati za vikundi vidogo mimi sizichori.

Tena huo wigo unachukulia kwamba kila mama alichaguliwa peke yake. Niliporudi kwenye madodoso ya karatasi, nilikuta 5 kati ya wale 8 wanatoka kitongoji kimoja ng'ambo ya mto, na daraja lilikuwa limesombwa na mvua msimu ule. Kumbe nilikuwa nimepima daraja. Kikundi kikiwa kidogo, soma dodoso moja moja. 11 ni kazi ya nusu saa.

Kuhusu mpaka, usijitungie wako. Ripoti za DHS, zile tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu, zikiwemo za Tanzania na Kenya za 2022, zina desturi nzuri: takwimu inayotokana na watu 25 hadi 49 huwekwa kwenye mabano, na ikiwa chini ya 25 haichapishwi, panawekwa nyota. Zingatia kwamba wanaohesabiwa hapo ni watu halisi, kabla ya kuwekewa uzani, yaani kabla majibu yao hayajazidishwa ili sampuli ilingane na jamii nzima. Jedwali linaweza kuonyesha 31 baada ya uzani kumbe waliohojiwa ni 22. Wageni wengi hukosea hapo, wakaiacha namba ipite.

Mimi kwenye Excel huweka waliojibu ndiyo safu ya B na waliojibu swali safu ya C, halafu:

```
=IF(C2<25, B2&" kati ya "&C2, TEXT(B2/C2,"0%"))
```

Chini ya 25 inaandika "8 kati ya 11" yenyewe, na mkono wangu hauna nafasi ya kushawishika. Kama kuna safu yenye uzani, C lazima iwe idadi halisi.

Jihadhari pia na mabadiliko. Robo hii 3 kati ya 4, robo ijayo 2 kati ya 5, halafu mtu anaandika "huduma imeporomoka kutoka asilimia 75 hadi 40". Mgonjwa mmoja ndiye aliyepungua. Na kwenye kijiji kidogo "1 kati ya 3" inaweza kumtambulisha mtu kwa jirani zake. Hapo unganisha vijiji kadhaa au weka nyota.

Sentensi yangu niliiandika upya: "Kati ya akina mama 318 tuliowahoji, 11 walijifungulia nyumbani. Wanane kati yao walitaja usafiri. Watano wa hao wanane wanatoka kitongoji kimoja ambacho daraja lake lilisombwa." Kikao kilichofuata hakikugusa bajaji tena. Waliuliza habari za daraja.