Muwasho wa ngozi kavu kwa wazee: anzieni bafuni

"Wakuu, mama yangu ana miaka 76. Anajikuna usiku kucha, hasa miguuni na mgongoni, na hana vipele. Anaoga asubuhi na jioni kwa maji ya moto na sabuni ya dawa, mafuta anapaka, lakini hali inazidi. Tatizo ni nini?"

Pole sana ndugu, na mama mpe pole. Kabla hujanunua mafuta mengine, badilisha namna anavyooga. Nimeyapitia hayohayo na baba yangu akiwa na miaka 78, na kwa muda mrefu mimi ndiye niliyekuwa nikimzidishia bila kujua.

Kwake ilianzia kwenye miundi. Nikimvua soksi jioni, unga mweupe unadondoka sakafuni, na asubuhi shuka lina vitone vya damu alipojikuna usingizini. Nikadhani ni fangasi. Nikamletea sabuni ya dawa na dodoki jipya, na maji nikamchemshia yawe moto zaidi, maana alisema yanamtuliza. Kweli yalimtuliza, lakini kwa nusu saa tu, kisha muwasho ukarudi na nguvu mpya. Haikupita muda miundi ikapasuka mistari mistari, kama tope la bwawa lililokauka.

Muuguzi aliyemwona ndiye aliyenifungua macho. Tabaka la juu la ngozi limeshikamanishwa na mafuta ya asili, kama matofali yanavyoshikwa na udongo, na mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji ya mwilini yasipotee. Kijana akiyaosha, yanarudi mapema. Mzee akiyaosha, yanachelewa, na kabla hayajarudi anaoga tena. Maji ya moto huyayeyusha na dodoki huyakwangua. Sabuni ya kipande ya kawaida ina pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya 9 hadi 10, wakati ngozi yenyewe iko karibu na 5, kwa hiyo inaidhoofisha zaidi. Sabuni ya dawa nayo ina ukali wake, na pasipo maambukizi haimsaidii chochote.

Basi tukabadilisha. Baba akawa anaoga mara moja kwa siku, dakika 5 hadi 10, kwa maji ya uvuguvugu. Sabuni ikabaki ya makwapani, kinenani na nyayoni, kwingine maji matupu. Hapo alinikatalia kabisa, akisema bila povu hajaoga. Nikampatia sabuni ya maji isiyo na manukato, ya ngozi kavu, ile isiyotoa povu jingi, akaridhika. Dodoki tukaliweka kando, akatumia kiganja.

Jambo lililoleta tofauti kubwa ni muda wa kupaka. Zamani alikuwa anajifuta hadi anakauka kabisa, anavaa, halafu anapaka baadaye akikumbuka. Sasa nikawa namkandamiza taulo taratibu bila kusugua, na ngozi ikiwa bado na unyevu nampaka ndani ya dakika 3 hivi. Mafuta peke yake hayaongezi maji, yanafungia yaliyopo. Ukipaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, yanakuta maji machache ya kufungia.

Losheni nyepesi ina maji mengi na kwa ngozi ya namna hii haitoshi. Tulianza na mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kama kijiko kimoja cha chai kwa kila mguu, nikipaka kuelekea chini vinyweleo vinakolalia. Mipasuko ilipofunga tukahamia krimu yenye yurea asilimia 10. Usianze nayo ngozi ikiwa imechanika, inachoma sana, na mzee akiungua siku ya kwanza hakubali tena. Nyayo zikishapakwa avae soksi kabla hajasimama, kuteleza ni hatari kuliko muwasho. Jioni nampaka tena hata kama hajaoga, na kucha zake nazikata fupi.

Ndani ya siku nne akalala usiku mzima. Miundi ilichukua kama wiki tatu kulainika.

Ukifuata haya wiki mbili bila nafuu, mpeleke kwa daktari. Muwasho wa mwili mzima kwa mzee unaweza kutoka kwenye figo, ini, tezi ya shingo au dawa anazokunywa. Malengelenge yakitokea, au macho yakawa ya njano, usingoje hizo wiki mbili. Chunguza pia katikati ya vidole vya mikono: kukiwa na vipele hapo na wengine nyumbani wanajikuna usiku, huenda ni upele wa kuambukizana, na huo una dawa yake. Vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi usimpe kwa kujiamulia, huwachanganya wazee akili na kuwaangusha wakiamka usiku. Krimu zenye steroidi nazo hivyohivyo, zikitumika ovyo huipunguza unene ngozi ambayo tayari ni nyembamba.