Kamba ya kuanikia inayojirudisha, ukuta wa tofali za kuchoma

"Wakuu nipo Mbeya, ile kamba ya kuanika inayojirudisha kwenye kiboksi chake itashika kwenye tofali za kuchoma? Balkoni ina mita 3."

Inashika mkuu, ila zile skrubu fupi zinazokuja nayo achana nazo, zinaishia kwenye plasta. Toboa na drili bila kugonga huku unaangalia unga, ukiwa wa kijivu bado upo kwenye plasta au umeangukia kwenye simenti ya maungio, ukibadilika mwekundu ndo umeingia tofali, hapo ongeza sentimita 5 hivi ndo uweke plagi na skrubu ndefu. Halafu usiikaze kama waya wa gitaa, nguo mbichi kilo 10 zikitandazwa kwenye mita 3 na kamba imebonyea sentimita 10 tu, ukuta unavutwa karibu kilo 40, ikibonyea 20 inashuka nusu. Yangu ilishang'oka na blanketi la mtoto, plasta ikaja nayo.

– Chukua ya mita 12 basi, inabeba zaidi.

– Urefu sio nguvu kaka. Utaivuta mita 3 hizohizo, nyingine inakaa ndani.

– Mie huku Uyole bafuni kuna vigae, nguo siku 3 hazikauki, nitoboe kigae?